Mshindani Akinakili Begi Lako Linalouzika: Hatua za Kuchukua Kuanzia Siku ya Kwanza

Kwa kawaida habari huja kwa picha ya simu. Mteja wa zamani anakutumia begi lililotundikwa dukani na swali moja: "Hili si lenu?" Ni sura ile ile na mfuniko ule ule, ila bei iko chini na jina ni la mtu mwingine. Kwa kuwa utakuwa umekasirika, mkono utataka kufanya moja kati ya mambo mawili: kumpigia aliyenakili, au kumwanika Facebook. Yote mawili yana hasara. Ukimpigia, atahamisha stoki kabla hujapata ushahidi. Ukimwita mwizi hadharani kabla hujathibitisha, umempa sababu ya kukushtaki wewe kwa kumchafulia jina.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, nao ni wa kutunga, hata hesabu zake. Karakana ndogo ya Mombasa inashona begi la mgongoni la mtoto wa shule. Ni la turubai, mfuniko wake umekatwa kwa duara na unafungwa kwa kitufe cha mbao. Ubavuni pana mfuko wa chupa ulioshonwa kwa mlalo, mtoto anafikia maji bila kulivua begi. Linauzwa shilingi 2,400 na gharama yake ni 1,300. Katikati ya Oktoba karakana inagundua begi linalofanana nalo likiuzwa 1,500, na msimu mkubwa wa Januari, watoto wanaporudi shule, uko miezi miwili na nusu mbele. Mwenye karakana nitamwita mama mwenye karakana, kwa kuwa kazi hii ninaiona zaidi mikononi mwa kina mama.

Nunua mawili, na risiti yake

Mtume mtu akanunue nakala mbili dukani kama mteja wa kawaida. Asiwe wakili wako, kwa sababu huenda aliyenunua akatakiwa kuapa hati ya kiapo baadaye. Aombe risiti, aandike siku hiyo hiyo jina la duka, saa, bei, na maneno aliyoambiwa na muuzaji. Kama muuzaji alisema "hili ni lile lile la Mombasa, ila bei ya chini," sentensi hiyo ina uzito kuliko picha kumi, na iandikwe jinsi ilivyotamkwa.

Begi la kwanza liweke kwenye mfuko, ulifunge pamoja na risiti, usilifungue tena. La pili lifumue mshono kwa mshono. Pima vipande uvilinganishe na patani zako za kukatia. Kinachotafutwa hapa ni makosa. Kila patani ya mkono ina kasoro yake: tundu la kitufe lililosogea milimita 4 kulia, upande mmoja wa mfuniko uliozidi kidogo. Kasoro yako ikionekana kwenye begi la mwenzako, hakulitazama tu dukani. Ama alilifumua lako akachora juu yake, ama patani zenyewe zimemfikia kupitia fundi aliyeondoka au mtu mliyempa kazi ya kukata. Ikiwa ni la pili, tatizo lako la kwanza liko ndani ya karakana, na hakuna wakili atakayeliziba. Patani zihesabiwe na zifungiwe kabatini usiku huo huo.

Amechukua nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu moyo unasema "amechukua begi langu lote." Sheria haijui "lote." Inajua vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mlango wake.

Kuna jina na nembo, ambavyo hulindwa kwa kusajili alama ya biashara. Kuna mchoro, kwa mfano maua uliyoyachora mwenyewe yakachapwa kwenye kitambaa, na mara nyingi hapo huingia hakimiliki. Kuna sura ya bidhaa, jinsi inavyoonekana kwa jicho, ambayo husajiliwa kama muundo. Na kuna namna inavyofanya kazi, ambayo inahitaji hataza au cheti cha modeli ya matumizi, tena kilichoombwa mapema, kwani sharti la upya liko pale pale.

Sasa tazama begi letu. Jina halikuguswa, kwani nakala ina jina lake. Kitambaa hakina mchoro. Mfuniko wa duara na kitufe cha mbao ni sura. Mfuko wa mlalo, ambao mama mwenye karakana anauonea fahari kuliko kitu kingine, umelazwa hivyo ili mkono wa mtoto uufikie. Hiyo ni kazi. Usajili wa muundo haulindi umbo linalolazimishwa na kazi yake, kwa hiyo jambo linalomuuma zaidi ndilo lenye kinga ndogo kuliko yote. Ni afadhali alijue leo kuliko kulisikia kwa hakimu baada ya miaka miwili.

Kesi inayolionyesha jambo hili vizuri ni ya Uingereza, ya sanduku la safari la watoto liitwalo Trunki. Mbunifu wake, Rob Law, alibuni sanduku la plastiki ambalo mtoto analikalia kama farasi na kuvutwa nalo uwanja wa ndege. Muundo ulisajiliwa Ulaya mwaka 2003 kwa picha sita zilizotengenezwa kwa kompyuta, na bidhaa ikapendwa sana. Kampuni nyingine, PMS, ikaona hakuna sanduku la namna hiyo la bei nafuu, ikaleta lake liitwalo Kiddee Case. Kwamba wazo lilitoka kwa Trunki halikuwa siri hata mahakamani.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliipa Trunki ushindi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaupindua, na tarehe 9 Machi 2016 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Rufani. Sababu ilikuwa zile picha sita. Zilionyesha sanduku lenye sura ya mnyama mwenye pembe, na kwa vivuli vyake vya kijivu zilionyesha mwili wa rangi moja na magurudumu ya rangi nyingine. Kiddee Case ilionekana kama mdudu mwenye vipapasio au mnyama mwenye masikio, na rangi zake zimepangwa kwa namna nyingine. Jaji Lord Neuberger alikiri kwamba wazo la Trunki lilikuwa jipya na la werevu, lakini akasema kesi ile haikuhusu wazo bali muundo. Mwenye Trunki alikuwa amesajili vivuli ambavyo hakuvihitaji, na vivuli hivyo vikampunguzia eneo lake.

Kwa hiyo, kabla ya kusema "nimesajili," chukua cheti chako uangalie picha zilizomo, kisha weka nakala ya mshindani kando. Usilinganishe nakala na begi lako, linganisha nakala na picha ya kwenye cheti. Hicho ndicho mahakama itakachofanya. Na kama bado hujasajili muundo wako unaofuata, peleka mchoro wa mistari mitupu, usio na rangi wala kivuli, unaoonyesha umbo pekee. Ikiwezekana sajili pia toleo la pili lenye mapambo, likiwa ombi la peke yake.

Karatasi ulizonazo, na usizonazo

Nchini Kenya muundo husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Usajili unadumu miaka 5 na unaweza kuongezwa mara mbili, jumla 15. Anayetaka ulinzi wa nchi kadhaa kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu lililoko Harare, ambako Kenya, Uganda na Tanzania zote zimo katika Itifaki ya Harare. Jina la bidhaa ni usajili mwingine kabisa, unaofanywa KIPI kwa Kenya na kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa Tanzania Bara.

Sharti la muundo ni upya. Begi lililokwisha kuuzwa mwaka mzima na kupigwa picha mitandaoni linaweza kuwa limeshapoteza upya wake kwa mikono yako mwenyewe. Ulaya humpa mbunifu miezi 12 ya neema tangu alipoonyesha kazi yake mara ya kwanza, lakini usidhani kila nchi ni hivyo. Tafuta tarehe ya kwanza kabisa begi lilipoonekana hadharani, iwe ni maonyesho, Instagram au risiti ya mteja wa kwanza, uende nayo kwa wakili. Ni swali la kwanza atakalouliza, na ndilo silaha ya kwanza ya mshindani, kwa sababu anayeshtakiwa kwa kunakili muundo mara nyingi hujibu kwamba usajili wako haukustahili tangu mwanzo.

Mama wa mfano wetu amesajili jina tu. Je, amekwisha? Hapana, bado lipo dai la kupotosha wanunuzi, ambalo halihitaji cheti. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba bidhaa yako ina sifa kwa wanunuzi, kwamba mshindani anawafanya waamini bidhaa yake ni yako, na kwamba unaumia kwa hilo. Uingereza tena, mwaka 1990, mabwana wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, waliipa haki kampuni ya Reckitt & Colman, iliyouza maji ya limau ya Jif katika chupa ya plastiki ya manjano yenye umbo na ukubwa wa limau. Kampuni ya Borden ilileta limau lake la plastiki lenye lebo tofauti. Lakini ushahidi ulionyesha kwamba wanunuzi hawasomi lebo, wanaona limau wanachukua Jif. Umbo lenyewe lilikuwa limegeuka kuwa jina, baada ya zaidi ya miaka 30 sokoni.

Ziweke kesi hizi mbili pamoja. Mwenye cheti alishindwa, asiye na cheti cha muundo akashinda. Nguvu ya Jif ilikuwa vichwani mwa wanunuzi, na iliweza kuthibitishwa. Begi letu lina miaka miwili tu sokoni, na nakala ina jina lake limeshonwa kifuani. Mteja anayeona jina hilo na bei ya 1,500 huenda anajua kabisa kwamba si lile. Dai lipo ila ni jembamba, na unene wake unategemea ushahidi wa kuchanganywa: mteja aliyerudisha nakala kwenu ikiwa imekatika, mzazi aliyelalamika kwa WhatsApp akidhani ni lenu, yule muuzaji wa "lile lile la Mombasa." Fungua daftari la visa hivyo. Vitano vyenye tarehe na ujumbe uliohifadhiwa vinaweza kubadilisha ushauri wa wakili.

Neno moja kuhusu "feki." Ikiwa nakala ina jina lako au nembo yako, hapo umeingia kwenye bidhaa bandia, na njia ni ya haraka zaidi. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Tanzania Bara kuna Tume ya Ushindani, FCC. Wanaweza kukamata mzigo, lakini watataka kuona haki uliyonayo kwa karatasi. Kwa nakala yenye jina lake mwenyewe, na wewe huna cheti cha muundo, usitegemee mlango huo.

Hesabu ya hasara, bila hasira

Karakana ilikuwa ikiuza mabegi 300 kwa mwezi. Siku 30 zilizopita imeuza 220. Ni rahisi kusema nakala imekula 80, lakini huenda si kweli. Yagawe maduka yako mafungu mawili, yanayouza begi lako peke yake na yanayouza yote mawili, kisha tazama kila fungu limeshuka kiasi gani. Mauzo yakishuka sawasawa kote, adui si nakala. Labda ni ada za shule, labda ni msimu. Kwa mama wetu, kati ya yale 80, 70 yamepotea katika maduka sita yenye nakala. Hasara ya kweli basi ni 70 mara faida ya 1,100, yaani 77,000 kwa mwezi. Kwa msimu wa mabegi 1,000, anakadiria atapoteza 300, sawa na 330,000.

Sasa pima njia zake. Wakili ametaja 250,000 kwa barua na maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mshindani wakati kesi inaendelea, na kesi nzima inaweza kufika 900,000. Zuio peke yake lazima liokoe mabegi 228 ili lirudishe gharama yake. Kwa upande mwingine, kutoa toleo jipya kabla ya Desemba, patani mpya, sampuli na lebo, kutagharimu 55,000, na mabegi 50 tu yanazirudisha. Hesabu haiamui kila kitu, lakini inaonyesha pesa ya kwanza iende wapi.

Mahakama inataka nini kabla ya kumzuia

Hukumu kamili haiji kabla ya Januari. Chenye maana kwa msimu ni zuio la muda. Mahakama za Kenya hupima maombi hayo kwa kanuni za Giella dhidi ya Cassman Brown za mwaka 1973; Tanzania wanaanzia Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, na vipimo vinakaribiana. Uonyeshe kesi yenye dalili ya kushinda, uonyeshe hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na mahakama ikibaki na shaka inaangalia nani ataumia zaidi.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaangusha wafanyabiashara. Ukienda na jedwali safi linalosema unapoteza 77,000 kwa mwezi, umethibitisha kwa mkono wako kwamba hasara yako inahesabika, hivyo inaweza kulipwa baadaye. Jedwali lile ni la uamuzi wako wa ndani. Kwa mahakama, hasara isiyohesabika ni sifa: nakala inayokatika mkanda wiki ya pili huku mzazi akilaumu jina lako, au duka lililovunja oda likisema begi lenu sasa ni la mitaani. Kuna pia suala la muda. Ukikaa miezi minne ukinung'unika ndipo uombe zuio la dharura, hakimu atauliza dharura ilikuwa wapi. Pia unaweza kutakiwa kuahidi kumfidia mshindani ikiwa zuio litaonekana baadaye halikustahili. Uliza kiasi hicho kabla ya kutia sahihi.

Barua ya madai ni nafuu kuliko haya yote, na mara nyingi inatosha kwa mwenye duka, ambaye hana mapenzi na nakala, ana mapenzi na amani. Iwe fupi: haki gani unayo na namba ya cheti, bidhaa gani inaigusa, unataka aache lini, ajibu ndani ya siku ngapi. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Usidai haki usiyokuwa nayo. Mama mwenye jina tu akiandika "nimesajili muundo," wakili wa upande wa pili atachungulia daftari la KIPI, na kuanzia hapo hakuna barua yake itakayoogopwa tena.

Kasi, yaani kumwacha na stoki ya mwaka jana

Mnakili ana udhaifu mmoja mkubwa: amenunua kitambaa na kushona mzigo wa umbo moja. Kila ukibadilisha umbo, mzigo wake unazeeka dukani.

Mama asibadilishe mfuko wa mlalo, kwa kuwa ndio unaouza. Abadilishe kinachoonekana kutoka mita tano: mfuniko, kitufe, rangi. Achore mfuniko mpya, apeleke michoro ya mistari KIPI, na asiweke picha mtandaoni mpaka ombi liwe limepokelewa na lina tarehe. Mpangilio huu ndio watu huukosea kwa kiherehere cha kutangaza. Patani na sampuli ni wiki mbili, kujaribu mikanda kwa mzigo wa vitabu ni wiki moja, kushona ni wiki nne. Akianza tarehe 20 Oktoba, mabegi yako madukani mapema Desemba. Stoki ya zamani asiishushe hadi 1,500. Ataacha faida ya 200 tu kwa kila begi, na wateja waliolipa 2,400 watajiona wajinga.

Jina lifanye kazi dukani

Mzazi aliyeshika mabegi mawili anahitaji sababu ya 900 zaidi, na lazima aione pale pale kwa sababu wewe hupo. Tambulisho la kadibodi lenye sentensi moja, "Mkanda ukikatika ndani ya mwaka, tunashona bure," pamoja na namba ya simu, linabeba kitu ambacho mnakili hawezi kukishona. Kwanza hesabu matengenezo ya mwaka uliopita ujue ahadi hiyo ina gharama gani. Kila begi liwe na namba yake ndani ya mfuko, ili likiletwa ujue ni lenu, na nakala ikiletwa kimakosa uipokee kwa heshima, uipige picha, uiandike kwenye daftari la visa.

Na yale maduka sita, yaendee mwenyewe. Mama mmoja wa karakana aliwahi kuniambia alimkuta mwenye duka akisema, "Dada, mimi sina ugomvi nawe, lakini yule ananipa mzigo kwa mkopo wa siku 30." Shida haikuwa sura ya bidhaa wala bei, ilikuwa mkopo. Akampa siku 21 kwa sharti kwamba nakala isikae rafu moja na bidhaa yake, na duka likakubali.

Kwa begi letu, basi, ningepanga hivi. Wiki ya kwanza: nakala mbili, hati ya kiapo, patani kabatini, saa moja na wakili. Wiki ya pili: ombi la muundo mpya KIPI, kisha fundi aanze sampuli. Wiki ya tatu: ziara za maduka sita, na barua kwa lile tu ambalo muuzaji wake alisema "lile lile la Mombasa," kwa kuwa huko ndiko ushahidi ulipo. Zuio lisiombwe kwa ushahidi uliopo leo. Lakini daftari la visa likifika visa sita au saba vya wazazi waliodanganyika kabla Novemba haijaisha, arudi kwa wakili siku hiyo hiyo, asisubiri Januari ipite.